Gari la Polisi Lililoishi Siku Mbili: Zawadi na Ratiba kwa Mtoto Anayechoka Upesi

Idi iliyopita kaka yangu alipitia Kikuubo, Kampala, akamnunulia mwanawe gari la polisi la betri. Lina king'ora, lina taa za buluu na nyekundu, na huendeshwa kwa rimoti. Wanaishi Walukuba, hapa Jinja, nami nilikuwepo boksi lilipofunguliwa. Mtoto ana miaka 7, yuko darasa la pili. Alikaa na lile gari dakika 40 bila hata kuomba soda. Kesho yake alilichezea dakika kama sita. Siku ya tatu lilikuwa uvunguni, magurudumu juu, na mwenyewe yuko barazani anagonga sufuria kwa mwiko.

Mama yetu, bibi yake, alitikisa kichwa. "Huyu hana shukrani. Kitu cha shilingi 60,000 anakitupa kama ganda la muwa." Wifi yangu hakujibu, maana maneno hayo alishayasikia kuhusu treni, kuhusu roboti, na kuhusu kinanda kilichokuja Krismasi kutoka kwa jirani. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini, mwaka wa 11 huu, na watoto wa namna hii huwapata karibu kila mwaka. La shukrani nawaachia wazee. Ninalotaka kulieleza ni kwa nini kitu kipya humwishia mtoto huyu mapema kuliko wenzake, na hilo likishaeleweka, zawadi zichaguliwe vipi na jioni yake ipangwe vipi.

Kinachokwisha ni nini

Tulitazame gari lenyewe. Linakwenda mbele, linarudi nyuma, linakata kona, linalia. Mambo manne, na mtoto aliyamaliza yote kabla pilau haijapakuliwa. Mtoto mwingine wa umri wake angeendelea nalo kwa sababu angeliongezea mambo ya kichwani mwake: leo linamfukuza mwizi, kesho limekwama matopeni na linavutwa kwa kamba. Ila mchezo wa namna hiyo unadai mtoto ashikilie hadithi moja akilini huku mikono ikifanya kazi, na avumilie zile dakika za mwanzo ambazo hadithi haijanoga. Hapo ndipo mtoto mwenye ugumu wa umakini anapoteleza. Mawazo anayo, tena mengi. Kinachomponyoka ni kulishika moja mpaka lifike mahali.

Kuna na jambo la pili, na hili watafiti wamelipima mara nyingi: kwa watoto hawa, tuzo iliyo mbali hupungua uzito upesi sana. Waambie wachague biskuti moja sasa hivi au mbili baadaye, nao mara nyingi kuliko wenzao watachukua ile moja. Mfumo wa ubongo unaotutuma kufuata kitu kizuri, ule unaotumia kemikali ya dopamini, kwao huitika zaidi kwa kilicho karibu. Upya wa kitu ni tuzo iliyo karibu kuliko zote, haidai subira wala jitihada. Ukishaisha, gari lile halina kingine cha kumpa papo hapo, na kile ambacho lingempa baada ya robo saa ya kubuni kiko mbali mno kwake.

"Mbona kwenye simu anakaa saa mbili?" Swali hili huulizwa kila mara, na mara nyingi huulizwa kama ushahidi kwamba mtoto anajifanya. Simu inathibitisha yaleyale niliyoyasema. Mchezo wa simu hulipa kila sekunde chache: sarafu inalia, kiwango kinapanda, rangi inabadilika. Hakuna dakika hata moja mtoto anapoachwa asubiri. Kwa hiyo ugumu wake si kwamba hawezi kutulia popote. Hawezi kujituliza mwenyewe pale ambapo kitu chenyewe hakimvuti. Ndiyo maana kumkabidhi simu hakumfundishi kutulia, na kumnyang'anya ghafla bila kumpa kingine mkononi huzua vita.

Ukikubaliana nami mpaka hapo, swali la zawadi linageuka. Badala ya kuuliza mtoto anapenda nini, muulize muuza duka, au jiulize wewe: kitu hiki kitakuwa na jambo jipya siku ya kumi, bila mtoto kulazimika kulibuni lote peke yake?

Kwanza masikio, usingizi na malaria

Sitakaa sana hapa, lakini siwezi kupita kimya. Si kila mtoto anayerukaruka ana hali ile ya ugumu wa umakini na kutotulia ambayo kwenye kadi ya hospitali huandikwa ADHD. Ili aitwe hivyo, dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, mathalani nyumbani na darasani, na ziwe zinamharibia masomo au maisha. Mtoto anayetulia shuleni na kuwaka nyumbani tu ana habari nyingine.

Mtoto asiyesikia vizuri sikio moja huonekana hajali. Mtoto mwenye kifafa cha kuzubaa, kile kisicho na kuanguka wala povu, huonekana anaota mchana. Na hapa Uganda kuna malaria. Watafiti waliowafuatilia watoto waliotibiwa malaria iliyopanda kichwani hospitalini Mulago walichapisha mwaka 2008 kwamba miaka 2 baadaye takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kiakili, na uliojitokeza zaidi ulikuwa wa umakini. Basi ukienda kumwona daktari, taja kama mtoto aliwahi kupoteza fahamu au kupata degedege kwa homa, hata kama ni zamani. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na hospitali ya akili ya Butabika kule Kampala hupokea watoto pia.

Halafu usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku. Gari la shule la mpwa wangu hupita saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hiyo huamshwa saa kumi na moja kamili. Piga hesabu kurudi nyuma: hata kwa kile kiwango cha chini, anatakiwa awe amelala saa mbili usiku. Alikuwa akilala saa nne. Hilo peke yake lilitosha kumfanya mtoto yeyote aonekane hana umakini, na lilikuwa jambo la kwanza tulilolirekebisha kabla ya kununua chochote. Alitulia kidogo. Hakutulia kiasi cha kuacha kuhangaika darasani, na daktari alikuja kuthibitisha baadaye kwamba hali anayo.

Kuhesabu kilichomo ndani ya gunia

Nilimwomba wifi kitu kimoja tu kwa wiki moja: achukue daftari kuukuu, na kila jioni aandike mtoto ameshika nini na kwa dakika ngapi, kwa kukisia tu kwa saa ya ukutani. Bila maoni, bila "amekuwa mtundu" wala "amesumbua". Watu huruka hatua hii kwa sababu wanaona wanamjua mtoto wao. Hata wifi alidhani anajua. Alikuwa na hakika kwamba mwanawe hachezi na kitu zaidi ya dakika tano. Daftari lilionyesha kwamba kwa vitu vya betri alikuwa sahihi kabisa, lakini siku mbili tofauti mtoto alikaa zaidi ya dakika 25 akisukuma ringi la baiskeli kwa fimbo, na siku moja dakika 30 akichambua rimoti ya lile gari kwa kisu cha mkate. Kwa jambo hilo la mwisho alichapwa. Kwangu mimi lilikuwa ndilo taarifa bora kuliko zote za wiki ile.

Kisha tukamwaga gunia la vitu vyake sakafuni. Vilikuwa 23, na 9 kati yake vilikuwa vibovu. Vibovu tulivitenga, tukabakisha 14, na kati ya hivyo tukaacha nje 4 tu. Vingine 10 tuliviweka katika mifuko miwili ya kitambaa, tukaitundika juu kwenye msumari, ndani ya chumba cha wazazi.

Kwa nini 4? Katika utafiti wa chuo kikuu cha Toledo, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, watoto 36 wa umri wa miezi 18 hadi 30 walichezeshwa siku moja katika chumba chenye vitu 4 na siku nyingine vitu 16. Kwenye vitu 4 walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na wakakitumia kwa namna nyingi zaidi. Wale walikuwa watoto wadogo kuliko mpwa wangu, na hawakuchaguliwa kwa sababu ya ugumu wa umakini, kwa hiyo namba 4 si amri. Lakini maana yake iko wazi: kila kitu kilicho mbele ya macho kinamwita mtoto, na anayeshindwa kuzuia wito ndiye anayeumia zaidi na wingi.

Kosa tulilolifanya ni kubadilisha mfuko kila Ijumaa bila kujali. Ijumaa ya pili tulikuta mtoto yuko katikati ya kujenga daraja kwa vibao, tukamwondolea vibao kwa sababu "ratiba imefika". Alilia, na alikuwa na haki. Siku hizi wifi hutazama daftari. Kitu kisichoguswa siku tatu mfululizo hupanda msumarini. Kinachochezewa hubaki hata mwezi. Na kinachoshuka hushuka kimoja, si mfuko mzima, maana mfuko mzima ni Idi nyingine: atagusa kila kitu dakika tano na kurudi kwenye sufuria.

Dalili kwamba kuzungusha vitu kumeshindikana ni rahisi kuiona. Mtoto anaanza kudai kilicho msumarini badala ya kucheza na kilicho chini. Hapo ujue mfuko unaonekana mno, uhamishe mahali asipopaona, au ujue vilivyobaki chini vyote ni vya aina ya lile gari.

Ubao wa omweso

Sasa zawadi. Kaka alipouliza anunue nini safari hii, nilimwambia anunue omweso. Alicheka, akasema huo ni mchezo wa wazee chini ya mwembe. Kweli, lakini tuutazame kwa macho ya mtoto huyu.

Ubao una safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na mbegu 64 nyeusi ambazo Waganda huziita empiki. Kila mchezaji anamiliki safu mbili na mbegu 32. Unachota mbegu zote za shimo moja, unazipanda mojamoja kinyume na mwendo wa saa katika mashimo yako. Ile ya mwisho ikiangukia shimo lenye mbegu, unachota zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Ikiangukia shimo la safu yako ya ndani lenye mbegu, na mashimo mawili ya mwenzako yanayolikabili yote yana mbegu, unaziteka hizo na kwenda kuzipanda kuanzia pale ulipoanzia mpando ule.

Tazama kilichomo. Mkono haukai bure hata sekunde moja. Kila mbegu ina mlio wake na mahali pake. Mchezaji hajui kwa hakika zamu yake itafika wapi, kwa hiyo kila zamu ina bahati nasibu yake ndani, na jibu linakuja baada ya sekunde chache. Na siku ya kumi ubao haufanani na wa siku ya kwanza, bila mtoto kulazimika kubuni hadithi yoyote. Upya umo ndani ya kitu chenyewe.

Ila ukimpa mtoto wa miaka 7 ubao wote na sheria zote, utakuwa umempa gari jingine la polisi. Tulikwenda hatua kwa hatua. Wiki ya kwanza alicheza peke yake: nilifunika nusu ya ubao kwa kitambaa ili kila upande ubaki na mashimo 8, nikaweka mbegu 4 katika kila shimo la safu ya nyuma, jumla 16, na mashindano yalikuwa kuona zamu moja inaweza kupita mashimo mangapi kabla ya kufa kwenye shimo tupu. Akifa, anapanga upya na kuanzia shimo jingine. Alikuwa anahesabu kwa sauti, na mama yake aliandika rekodi ukutani kwa chaki. Siku ya tatu bibi yake, yule wa shukrani, alisogeza mkeka akasema amekosea hesabu.

Wiki ya pili tukaongeza mpinzani na kuteka, bado kwenye nusu ubao. Mchezo mmoja ulikwisha kwa dakika saba au nane, na hiyo ni sawa na pumzi yake. Ubao mzima ulisubiri mpaka mwezi wa pili.

Mambo mawili yaliharibika. La kwanza lilikuwa kusubiri zamu ya mwenzake, hasa bibi ambaye hufikiri kama jaji. Dawa yake ilikuwa kumpa mtoto kazi wakati wa zamu ya mwenzake: yeye ndiye anayetamka kila mbegu ya bibi inapoanguka, na akigundua imerukwa shimo, anapata mbegu moja ya bibi. Sheria hiyo haipo popote, tuliitunga sisi. La pili lilikuwa kushindwa. Mara ya kwanza alipotekwa mashimo manne kwa mkupuo alipindua ubao na mbegu tukaziokota mpaka chini ya jiko. Hatukumchapa, wala hatukuufungia ubao wiki nzima. Aliziokota, akazihesabu mpaka 32 za nusu ubao zikatimia, na mchezo ukaishia hapo kwa siku ile. Kwa wiki kadhaa tulimaliza kila jioni kwa duru moja ya peke yake, ambayo haina mshindwa, ili asilale na hasira.

Sisemi kila nyumba inunue omweso. Kipimo ni kilekile: jibu la haraka, mikono yenye kazi, mabadiliko yanayotoka ndani ya kitu, na uwezekano wa kukianza kidogo. Dulu, ule mchezo wa gololi, inapita kipimo hicho. Mpira wa majani makavu ya mgomba unapita mara mbili, kwa sababu kuufunga ni mchezo na kuupiga ni mchezo, na ukifumuka kuna kuutengeneza tena. Koleo ndogo, waya na vizibo vya kutengenezea gari la waya vinapita pia, mradi mtu mzima akae naye siku za mwanzo. Vitu vya kubonyezabonyeza vinavyouzwa siku hizi kwa jina la kutuliza watoto, mimi darasani nimeona vikiwavuruga zaidi ya kuwatuliza.

Zawadi nyingine iliyofaulu ilikuwa kuku. Mtetea mmoja, kutoka kwa mjomba wake wa Iganga, aliyeletwa akiwa amefungwa miguu kwenye bodaboda kama ilivyo desturi. Kuku ni kitu ambacho kila asubuhi kinaweza kuwa na habari: ametaga au hajataga, amelalia, na siku ya 21 mayai yanapasuka. Mtoto alikimbilia kibanda hata kabla ya kunawa uso. Lakini tahadhari yangu ni moja: usimwekee mnyama uhai wake kwenye kumbukumbu ya mtoto anayesahau. Kumwaga maji na mahindi ni kazi ya mtoto, kuhakikisha kwamba yamemwagwa ni kazi ya mkubwa, kila siku, bila kumsimanga. Mara mbili wifi alikuta chombo kikavu. Alimwita tu, akamwonyesha, akamngoja amwage.

Jioni yenye kamba mbili

Zawadi nzuri ikiwekwa ndani ya jioni isiyo na mpangilio nayo itakufa. Mtoto huyu hapungukiwi maarifa ya nini kifanyike. Muulize atakutajia yote kwa mpangilio. Anapungukiwa kulikumbuka saa ile linapotakiwa. Basi ratiba isikae kichwani mwake, ikae ukutani, mahali kazi inapofanyikia.

Tulifunga kamba mbili kwenye ukuta wa sebule. Ya kushoto ilikuwa na picha tano alizochora mwenyewe, zimebanwa kwa vibanio vya nguo: kuvua sare na kunawa, kula, kukimbia nje, kazi ya shule, kucheza. Akimaliza jambo, anahamishia picha kamba ya kulia kwa mkono wake. Kule kuhamisha ndiko kunakompa jibu la papo hapo kwamba kitu kimekwisha.

Kukimbia kumewekwa kabla ya kazi ya shule kwa makusudi. Wazazi wengi hufanya kinyume, mchezo uwe malipo. Lakini dakika 20 za kutoka jasho huwasaidia watoto hawa kutulia kwa muda mfupi unaofuata, na ule muda mfupi ndio tunaoutaka kwa hesabu. Anacheza kwepena na wenzake mpaka saa kumi na mbili kasoro robo, kisha anakaa. Karatasi ya hesabu hukunjwa ili maswali matatu tu yaonekane. Akimaliza matatu, anasimama, anagusa mlango, anarudi, mkunjo unafunguliwa. Maswali 12 kwa namna hii yanachukua kama dakika 25. Zamani yalichukua mpaka umeme ukatike.

Na maneno ya kumwelekeza yalibadilika. "Nenda kavue sare, uoge, ulete daftari" ni amri tatu; atatekeleza ya kwanza na kupotelea kwa kuku. Wifi sasa humsogelea, humgusa bega, husema moja: "Kwanza sare, halafu chapati." Linafuatiliwa mpaka limekwisha, ndipo la pili.

Malipo yalitushinda mwanzoni. Kaka alitangaza kwamba vizibo 100 vya soda vitanunua baiskeli mwisho wa mwezi. Siku tatu tu, mtoto akaacha kujali vizibo, na ukikumbuka ile habari ya biskuti utajua kwa nini. Mwezi, kwake, haupo. Tukaanza upya: kila picha iliyohamishwa bila kukumbushwa zaidi ya mara mbili ni kizibo kimoja ndani ya gilasi, na hulipwa usiku uleule. Vizibo vitatu anachagua kitu kimoja kishuke kutoka msumarini au duru mbili za omweso na baba. Vinne, anasukuma chapati moja ya kwake. Vitano, anakaa mbele na baba kwenye pikipiki mpaka dukani na kurudi, polepole. Kizibo kilichopatikana hakichukuliwi kwa kosa jingine, maana mtoto aliyebaki na gilasi tupu saa kumi na mbili hana tena sababu ya kujitahidi mpaka kulala.

Ujue vilevile kwamba malipo nayo huchakaa kama gari la polisi. Baada ya wiki tatu chapati haikumvuta. Wazazi wengi wakifika hapo husema mpango umeshindwa. Haujashindwa, orodha ndiyo imezeeka. Badilisha malipo, kamba ziache palepale.

Yasiyowezekana kwa kamba na vizibo

Mambo haya hufanya kazi pale yanapofanyika. Jioni ya Walukuba iliponyooka, darasani mtoto aliendelea kutoka kitini mpaka mwalimu wake naye alipokubali kumpa picha tatu kwenye meza. Likizo ikiingia, sare haivuliwi wala gari la shule halipiti, na mnyororo wote unakatika; tulilazimika kuchora picha nyingine za asubuhi, na wiki ya kwanza ya muhula mpya ilikuwa ngumu kama mwanzo. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, miongozo ya tiba hutanguliza kuwafundisha wazazi mbinu za namna hii kabla ya kufikiria dawa. Kwa mkubwa kuliko hapo, dawa zipo na huwasaidia wengi, na uamuzi wake ni wa daktari aliyemwona mtoto. Kama baada ya miezi miwili au mitatu ya kamba zilizofuatwa kweli mtoto bado anaumia shuleni, au anajiumiza na kuumiza wenzake, beba daftari la dakika uende nalo kliniki. Litamsaidia daktari kuliko maneno "ni mtundu sana".

Juzi mjomba wa Iganga alipiga simu kuuliza safari hii alete nini, maana amesikia mtoto anapenda magari. Wifi alimwambia asinunue. Alimwomba bisibisi ndogo, ile ya nyota, kwa sababu gari la polisi limeshashuka msumarini na mwenye nalo anataka kujua king'ora kinalia kutoka wapi.